Mbinu na mipaka: upendeleo wa sampuli katika orodha za ndege za watu wa kujitolea, Kilifi na Kwale

Uchambuzi huu umetumia orodha za ndege zilizowasilishwa kwa Kenya Bird Map kutoka kaunti za Kilifi na Kwale, kuanzia 2013 hadi 2023. Kila orodha ni ya pentadi moja, yaani mraba wa dakika 5 kwa 5 za latitudo na longitudo, takriban kilomita 9 kila upande. Kwenye modeli tumeingiza orodha kamili peke yake: zile ambazo mwangalizi alitafuta ndege kwa angalau saa 2, ndani ya siku zisizozidi 5, akaandika kila spishi aliyoitambua. Hizo ndizo zinazotuwezesha kuuchukulia ukimya kuwa habari. Aliyeandika tai mmoja akipita na gari hajatuambia kwamba kunguru hawakuwepo. Kumbukumbu za namna hiyo tulizitumia kuhakiki ramani ya mwisho tu. Watu walipotembea pamoja na kila mmoja akatuma orodha yake, tuliziunganisha zikawa moja, maana macho matano kwenye njia moja si safari tano.

Upendeleo mkubwa zaidi ni wa mahali. Orodha zimerundikana kando ya barabara ya Mombasa–Malindi, Watamu, Diani na ukingo wa mashariki wa Msitu wa Arabuko-Sokoke. Ndiyo maana kila pentadi ilipewa nafasi ya orodha zisizozidi 10 kwa mwaka, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, na zoezi likarudiwa mara 100. Bundi mdogo wa Sokoke (Otus ireneae) alihitaji uangalizi wa peke yake. Makao yake makuu ni upande wa magharibi, kwenye udongo mwekundu na vichaka vya Cynometra, lakini wageni wengi humwona mchana kwa sababu mwongoza wageni anajua tawi alilolalia na huwapeleka hadi chini yake. Orodha ishirini zinaweza kuwa za bundi yuleyule, kwenye tawi lilelile. Kwa spishi hii tulihesabu mahali badala ya orodha: kumbukumbu zote zilizo ndani ya mita 500 katika mwaka mmoja ni moja. Tunawashukuru waongoza wageni hao kwa dhati, kwani bila wao tusingekuwa na chochote cha kuhesabu, ila ujuzi wao haupaswi kusomwa kama wingi wa bundi.

Uwezekano wa ndege kuonekana ulitenganishwa na uwepo wake kwa modeli ya ukaaji, kwa kila spishi na kila mwaka:

```r
occu(~ log(saa) + msimu + uzoefu ~ msitu + mvua + umbali_barabara, data = umf)
```

`uzoefu` ni idadi ya orodha kamili ambazo mwangalizi alikuwa ameshatuma kabla ya siku hiyo. Ni kipimo hafifu: mkulima wa Gede anayetambua kila sauti ya msituni huonekana mgeni siku anapotuma orodha yake ya kwanza. `msimu` umewekwa kwa sababu masika hufunga barabara za udongo, na orodha hupungua kuanzia Aprili, wakati uleule ndege wengi wa hapa wanapoimba. Mwaka 2020 tumeuondoa kwenye ulinganisho wa miaka, kwa kuwa safari za kuingia na kutoka kaunti hizi zilizuiwa kwa takriban miezi miwili kutokana na korona.

Marekebisho haya hayatibu kila kitu. Modeli inachukulia kwamba spishi haihami ndani ya mwaka. Kwera wa Clarke (Ploceus golandi), anayetagia kwenye mabwawa ya msimu ya Dakatcha kisha kuhamahama, anaivunja kanuni hiyo, kwa hiyo makadirio yake yasomwe kama matumizi ya eneo, si makazi ya kudumu. Ndege wadogo wa kahawia wanaojificha vichakani bado wamepungukiwa, hata kwa waangalizi wazoefu. Vilevile hatuwezi kutenganisha kikamilifu athari ya barabara kwa ndege na athari yake kwa watu wanaowatafuta, kwani msitu uliokatwa na njia iliyo rahisi kupitika huenda pamoja. Tena hakuna hesabu inayoweza kujaza mahali ambapo hakuna mtu aliyefika. Pentadi zenye orodha kamili chini ya 4 kwa kipindi chote, nyingi zikiwa bara ya Ganze na Kinango, hatukuzikadiria kutokana na majirani zao. Kwenye ramani zina rangi ya kijivu, na kijivu hapo maana yake ni kwamba hatujui, si kwamba hakuna ndege.