Ombi la mchango wa matibabu ya moyo ya mtoto Salma, Muheza, Tanga

Muheza, Jumatatu, 2 Machi 2026

Kwa ndugu, jamaa, majirani na marafiki wote wa familia yetu, popote mlipo.

Assalaam alaykum, na salamu za heri kwenu nyote.

Sisi wanafamilia wa mtoto Salma tunawaandikia kuomba mchango wenu ili kutimiza gharama za upasuaji wa moyo atakaofanyiwa Jumatano, tarehe 15 Aprili 2026, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam. Kiasi kilichopungua ni shilingi 6,500,000. Tumekaa kikao cha familia mara tatu kabla ya kukubaliana kuandika barua hii, kwa sababu hatujawahi kuomba nje ya ukoo, na tungependa anayeisoma ajue kwamba tumeanza kwanza kwa kujichangisha wenyewe.

Salma ana umri wa miaka sita na ameanza darasa la kwanza mwezi Januari mwaka huu. Kutoka nyumbani hadi shuleni kwake ni mwendo ambao watoto wenzake huumaliza kwa mbio, lakini yeye huuvunja mara tatu: hufika kwenye mwembe wa kwanza, huchuchumaa, huyakumbatia magoti yake na kutulia hadi pumzi irudi, kisha huinuka na kuendelea. Hakuna aliyemfundisha kuchuchumaa. Alianza mwenyewe alipojua kutembea vizuri, na kwa muda mrefu sisi watu wazima tulidhani ni uvivu au ni mchezo wake. Midomo yake hubadilika rangi na kuwa ya bluu iliyokolea anapolia au anapopanda mlima, na ncha za vidole vyake zimevimba kwa mviringo. Mara mbili alitibiwa nimonia na mara moja pumu, mpaka mwaka jana mwezi Agosti, daktari mmoja alipoweka kipimo kifuani mwake, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akamwandikia rufaa.

Kipimo cha moyo cha eko kilionyesha ugonjwa wa kuzaliwa nao unaoitwa Tetralojia ya Fallot. Tunaueleza hapa kama tulivyoelezwa na madaktari, kwa sababu wengi wenu mmetuuliza na baadhi yenu mmesikia kwamba ni jambo la kurogwa, nasi tungependa maneno hayo yaishe. Moyo wa Salma una kasoro nne zilizofungamana tangu alipokuwa tumboni. Kuna tundu katika ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini. Njia ya damu inayokwenda kwenye mapafu imebana. Mshipa mkuu unaopeleka damu mwilini umekaa juu ya tundu hilo badala ya kukaa upande wa kushoto peke yake. Na msuli wa upande wa kulia umekuwa mnene kwa kusukuma kwa nguvu kupita njia iliyobana. Matokeo yake ni kwamba sehemu ya damu haifiki kwenye mapafu kuchukua oksijeni, bali hupita kwenye tundu na kurudi mwilini ikiwa vilevile, na ndiyo maana midomo na kucha huwa za bluu. Anapochuchumaa, mishipa ya miguuni hubanwa na damu nyingi zaidi hulazimika kwenda kwenye mapafu. Mtoto aligundua dawa yake kabla yetu.

Mama Salma hivi sasa hulala naye kitanda kimoja. Amefundishwa na muuguzi kwamba mtoto akibanwa na pumzi ghafla usiku, amlaze na kuyakunja magoti yake hadi kifuani, amtulize asilie, kisha akimbize hospitali. Amelifanya hilo mara mbili tangu Desemba, na mara ya pili ilimbidi asubiri pikipiki kwa zaidi ya nusu saa, kwa kuwa pikipiki ya nyumbani ilikuwa imekwisha kuuzwa kwa ajili ya matibabu haya haya.

Upasuaji unaohitajika ni wa kufungua kifua. Madaktari watausimamisha moyo kwa muda, huku mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu, wataziba tundu kwa kiraka na kuipanua njia iliyobana. Baada ya hapo Salma atalazwa katika chumba cha uangalizi maalumu kabla ya kuhamishiwa wodini, kisha atahudhuria kliniki mara kwa mara, kwani mtu aliyefanyiwa upasuaji huu huendelea kuangaliwa moyo wake hata akiwa mtu mzima. Dawa anazotumia sasa hupunguza tu vipindi vya kubanwa. Haziwezi kuziba tundu wala kupanua njia. Tumeambiwa wazi kwamba kuendelea kusubiri kunamwongezea hatari.

Kuhusu fedha, tunaomba mtuvumilie tuseme yote. Familia ina kadi ya CHF iliyoboreshwa, ambayo kaya ya watu sita ililipia shilingi 30,000 kwa mwaka, na imetusaidia sana hadi ngazi ya hospitali ya rufaa ya mkoa, lakini haifiki kwenye upasuaji wa aina hii. Tulipeleka maombi kwa maofisa wa ustawi wa jamii, wakaikagua hali yetu na kutupunguzia sehemu ya gharama, jambo tunalolishukuru kwa dhati. Baada ya punguzo hilo, familia inatakiwa kulipa hospitali shilingi 8,900,000. Nauli, chakula na mahitaji ya wazazi wawili kwa majuma matano watakayokaa Dar es Salaam tumeyakadiria kuwa shilingi 750,000. Chumba cha kulala hatukukihesabu kwa sababu shangazi yake anayeishi Magomeni amewapokea. Dawa, vipimo na safari za kliniki kwa miezi sita ya kwanza tumezikadiria kuwa shilingi 1,000,000. Jumla ni shilingi 10,650,000.

Katika fedha hizo, familia imekwisha kupata shilingi 4,150,000. Baba Salma aliuza pikipiki aliyokuwa akiendeshea bodaboda kwa shilingi 1,700,000, na akauza machungwa ya shamba lake yakiwa bado mabichi mtini kwa shilingi 900,000, ingawa kila mtu wa Muheza anajua bei ya mabichi ni hasara. Mama Salma, ambaye ni fundi cherehani, alitoa akiba yake ya kikoba, shilingi 650,000. Ndugu wa pande zote mbili tumechanga shilingi 900,000. Cherehani yenyewe tulimkataza asiiuze, kwa sababu hicho ndicho chombo kitakachowalisha wakirudi.

Fedha zinahitajika ziwe zimekamilika ifikapo Ijumaa, tarehe 10 Aprili 2026, kwa kuwa Salma ataripoti wodini Jumatatu, tarehe 13 Aprili.

Anayependa kuchangia anaweza kutuma kwa njia ya simu. Kwa M-Pesa, piga *150*00#, chagua kutuma pesa, kisha uweke namba 0700 000 318. Kabla hujathibitisha, hakikisha jina linalotokea ni MWANAIDI SALEHE, ambaye ni shangazi mkubwa wa Salma na mweka hazina wetu. Likitokea jina lingine, tafadhali usitume. Mtandao wowote mwingine unaweza kutuma kwenye namba hiyo hiyo. Baada ya kutuma, tunaomba utume ujumbe mfupi wenye jina lako na neno SALMA, ili tukuandike kwenye daftari na kukujulisha kwamba mchango umefika. Asiyependa jina lake lisomwe aandike SALMA SIRI, naye ataandikwa kwa kiasi tu.

Anayetaka kutoa mkononi ampelekee mweka hazina dukani kwake, karibu na stendi ya Muheza, kila siku kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni, na apewe stakabadhi. Ndugu zetu walioko Maskati na kwingineko nje ya nchi tunawaomba wapige kwanza namba ya mwenyekiti iliyo mwisho wa barua hii, ili tuelewane njia ambayo makato yake ni madogo. Hakuna mtu aliyetumwa kupita nyumba kwa nyumba wala kukusanya misikitini, makanisani au kwenye mabasi. Akitokea wa namna hiyo, tupigieni.

Fedha hazitolewi na mtu mmoja. Mweka hazina na mwenyekiti hukaa pamoja kila Jumapili baada ya swala ya Isha, huhesabu, na kutuma taarifa ya kilichopatikana na kilichobaki kwa wote waliochangia. Malipo ya hospitali yatafanywa kwa namba ya malipo itakayotolewa na hospitali yenyewe, na stakabadhi yake itaonyeshwa. Barua ya rufaa, makadirio ya gharama na barua ya utambulisho ya mtendaji wa kijiji yenye muhuri vipo kwa mweka hazina, na yeyote anayetaka kuviona kabla ya kutoa anakaribishwa. Hatutaona vibaya hata kidogo. Endapo michango itazidi, kilichozidi kitapelekwa kwa ustawi wa jamii wa hospitali kimsaidie mtoto mwingine. Endapo upasuaji utaahirishwa, kwa mfano kwa sababu ya homa, fedha zitatunzwa na mtajulishwa tarehe mpya.

Kuna mchango mwingine usiohitaji fedha. Tunahitaji watu wa kujitolea damu kabla ya tarehe 13 Aprili, na tungependa wasipungue wanane. Anayefaa ni mwenye afya njema, umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, na awe imepita miezi mitatu kwa mwanamume au minne kwa mwanamke tangu alipotoa damu mara ya mwisho. Si lazima damu yake ilingane na ya Salma. Mlioko Dar es Salaam mtaelekezwa siku na mahali pa kufika mkipiga namba ya mwenyekiti, na kwa kuwa siku hizo Ramadhani itakuwa imekwisha, wanaofunga nao wataweza kushiriki bila taabu.

Hatukuambatanisha picha ya Salma. Tulishauriwa kufanya hivyo, tena tukaambiwa ipigwe akiwa amebanwa na pumzi ili watu waone, lakini wazazi wake hawakuridhia, nasi tukawaunga mkono. Ameanza kuunganisha silabi, na barua kama hii hubaki kwenye simu za watu kwa miaka. Tungependa siku atakapoisoma, aone alivyohangaikiwa, asikute sura yake akiwa katika dhiki.

Tunaandika ndani ya mwezi wa Ramadhani, wakati majirani zetu Wakristo nao wako katika Kwaresima, na tunajua kila nyumba ina mzigo wake. Shilingi 1,000 itaandikwa kwenye daftari lile lile na kwa kalamu ile ile. Asiye na cha kutoa kwa sasa, tunaomba dua yake, na awafikishie wengine barua hii nzima bila kupunguza neno wala kubadilisha namba.

Kwa niaba ya familia, na kwa shukrani,

Mjomba wa Salma, mwenyekiti wa kamati ya familia
Simu: 0700 000 452

Shangazi mkubwa, Mwanaidi Salehe, mweka hazina
Simu ya kutuma mchango: 0700 000 318