Zawadi za Mwisho wa Mwaka: Mzigo Ni Mmoja, Ukiisha Umeisha

Ndugu mteja,

Kuanzia tarehe 1 Desemba tunafungua mauzo ya zawadi za Krismasi na Mwaka Mpya katika duka letu la mtandaoni. Tunakueleza mapema kwamba bidhaa za msimu huu zimeingia kwa mzigo mmoja tu, na mwingine hautapokelewa kabla ya Februari. Idadi iliyobaki utaiona chini ya kila bidhaa, nayo hupungua pale tu mteja anapokamilisha malipo. Kuweka bidhaa kwenye kikapu bila kulipia hakukuhifadhii chochote.

Kwa wanaokwenda kuwasalimu wazazi kijijini, tunapendekeza kwanza televisheni ya inchi 32 kwa shilingi 285,000, ambayo inatumia umeme wa kawaida na pia volti 12 za betri ya sola, hivyo baba hatakosa taarifa ya habari ya saa mbili usiku hata kama nguzo za umeme bado hazijafika kwake. Zipo 60 tu, na kwa maoni yetu ndizo zitakazotangulia kuisha. Blenda ya lita moja na nusu ni shilingi 68,000, nazo zipo 110.

Pawabenki ya mAh 20,000 inauzwa shilingi 45,000. Kwa kuwa umeme mwingine hupotea katika kubadilishwa volti, tarajia ijaze simu yenye betri ya mAh 5,000 mara mbili na zaidi kidogo, wala si mara nne kama hesabu ya haraka inavyoonyesha. Anayesafiri kwa ndege aibebe kwenye begi la mkononi, kwani hairuhusiwi katika mizigo inayokwenda chini.

Simu janja zimebaki 85, kuanzia shilingi 240,000. Ukiipokea, fungua boksi mbele ya dereva wetu, piga *#06#, kisha tuma namba ya IMEI kwenda 15090 ili ujiridhishe kuwa ni halisi kabla hajaondoka. Kila bidhaa ina waranti ya miezi 12, na risiti ya EFD utapewa bila kuiomba.

Oda za Dar es Salaam zitakazolipiwa kabla ya saa sita mchana zitaletwa siku hiyohiyo kwa bodaboda, isipokuwa televisheni, ambazo husafirishwa kwa gari ili kioo kisipasuke. Mizigo ya mikoani hupelekwa kwa basi, na kwa kuwa mabasi ya Moshi na Arusha hufurika wiki ya Krismasi, oda za huko tutazipokea mwisho tarehe 18 Desemba, na za mikoa mingine tarehe 20. Unaweza kulipa kwa M-Pesa, Airtel Money au benki. Ukihitaji tufunge zawadi kwa karatasi na kuandika jina la mpokeaji, weka alama kwenye kisanduku cha “Zawadi” unapolipia. Huduma hiyo ni bure.