Dakika Moja Moja: Shukrani za Timu ya Zahanati ya Delta ya Rufiji

Zilisemwa Kibiti, jioni ya Siku ya Wakunga Duniani, 5 Mei. Tuzo ilikuwa moja, ya zahanati nzima, na mshereheshaji akatoa dakika moja kwa kila aliyepanda jukwaani. Tulikuwa tumekubaliana tangu ndani ya boti: hakuna kusoma majina. Kila mtu amshukuru mmoja tu, aseme alichofanya, kisha ampe kipaza sauti. Nimeziandika kwa ajili ya wenzetu waliobaki kisiwani kushika zamu.

Mkunga

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi, wakunga wenzangu, asalaam aleikum, tumsifu Yesu Kristo.

Nimepewa dakika moja, na sisi wakunga tunaijua vizuri. Tunaiita dakika ya dhahabu. Mtoto akitoka bila kulia, unamkausha, unampapasa mgongo, unamsafisha kinywa na pua ikibidi. Kama bado hapumui, dakika haijaisha begi na maski viwe usoni pake, unampa hewa. Kazi hiyo naiweza, lakini mtoto lazima azaliwe mahali nilipo. Anayezaliwa mtumbwini katikati ya mikoko, dakika yake inapita huku mimi nimesimama ufukweni namsubiri.

Kwa hiyo nakushukuru wewe, nahodha. Nikikupigia usiku hujawahi kuniuliza huyo ni mke wa nani, wala mafuta atalipa nani. Unauliza maji yakoje upande wetu, basi. Masika yaliyopita ulimleta mama kutoka vitongoji vya ng'ambo, ukambeba kwenye tope la magoti mpaka mlangoni, ukakaa nje mvuani mpaka uliposikia mtoto analia. Ndipo ukarudi kwenye nyavu zako.

Mtoto yule alihitaji begi, kaka. Nililiwahi kwa sababu wewe uliwahi. Ahsante sana. Njoo, zamu yako.

Nahodha

Shikamooni wakubwa. Wadogo, hamjambo.

Watu wanasifu mashine ya boti yangu. Mashine haishindani na maji. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji yakipwa kwetu yanapwa kweli. Mifereji ya mikokoni inabaki tope tupu. Ukipwelewa hapo na mama mwenye uchungu, utakaa saa nyingi mpaka maji yarudi, na huna la kufanya ila kumwomba Mungu. Nimeliona hilo, sitaki kuliona tena.

Aliyeniondolea hofu hiyo ni mwanangu huyu, mhudumu wa afya wa kitongoji chetu. Anatembea nyumba kwa nyumba na daftari lake. Anajua nani anakaribia kujifungua, halafu anakuja kwangu kuuliza: "Baba, wiki ile bamvua inaanza lini?" Tunakaa chini tunahesabu mwezi pamoja. Tarehe ikiangukia vibaya, mama anahamishwa mapema, analala kwa ndugu karibu na zahanati, anasubiri pale. Siku hizi wengi ninawavusha mchana, maji yamejaa, wamekaa wanazungumza.

Mimi naendesha boti tu. Safari anaipanga yeye. Mwanangu, Mungu akuzidishie. Njoo uwasalimie watu.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii

Asanteni. Nitasema haraka, maana natetemeka.

Nilipoanza kazi hii nilikuwa na begi, chati na fulana mpya. Nikibisha hodi naambiwa mwenye nyumba katoka, na mimi namsikia anakohoa ndani. Nani ampe msichana ambaye hajazaa habari za mimba yake?

Aliyenifungulia milango ni bibi huyu. Ndiye aliyewazalisha mama zetu, na mimi mwenyewe nilizaliwa mikononi mwake. Angeweza kuniona nimekuja kumnyang'anya heshima. Badala yake alichukua mtandio wake akaniambia, "Twende." Tulipita wote. Yeye anaanza kusalimia, anauliza habari za shamba, anauliza habari za mume, mpaka mama mwenyewe anasema kichwa kinamuuma siku ya tatu na macho yanaona kiwi. Hapo bibi ananitazama, na mimi nimeshakwisha kujua: hii ni dalili ya kifafa cha mimba, leo hii tunaondoka. Napiga 115, simu ya bure, gari la dharura la m-mama lije bandarini Nyamisati, na nahodha anawasha mashine.

Bibi yangu, ulinipa jina lako nilitumie wakati mimi sikuwa na jina. Nashukuru mno. Nikushike mkono, ngazi hizi ni ndefu.

Bibi, mkunga wa jadi

Bismillahi. Wanangu, mimi sina hotuba.

Zamani nikimsindikiza mzazi hospitali naambiwa subiri nje, bibi. Mahali pengi nimekaa nje, juani, nimeshika kanga za mtu. Hapa kwetu, siku ya kwanza nilipomleta mkwe wa jirani yangu, alitoka dada huyu anayefanya usafi. Akanipa maji ninawe, akanipa kandambili safi, akaniambia, "Ingia bibi, mkunga amesema ukae kichwani kwake umsemeshe." Nikaingia. Nikamshika mkono mzazi mpaka akajifungua.

Tangu siku ile sijamzalisha mtu nyumbani. Nawaleta wote. Dada, ulinipa heshima mbele ya mzazi wangu. Radhi zangu unazo.

Dada wa usafi

Jamani, bibi ameniliza.

Mheshimiwa, kazi yangu haionekani ikifanyika vizuri. Chumba kikiwa kisafi, hakuna anayeuliza kimesafishwa na nani. Nachanganya klorini, vifaa vinaloweka dakika kumi, vinaoshwa, ndipo vinatakaswa. Kitanda nakifuta kabla mama wa pili hajaingia. Usiku wanaweza kujifungua wawili kwa mfuatano, na wa pili ana haki ya chumba kile kile alichokikuta wa kwanza.

Usiku huo nafanyaje bila taa? Zamani nilishika tochi kwa meno. Namshukuru kijana wetu wa umeme wa jua. Jamaa hajaajiriwa na zahanati, ana kibanda chake cha kuchajia simu. Lakini chumvi ya bahari ikigandana kwenye paneli, anapanda paa mwenyewe kuziosha. Betri ikilegea anajua kabla yetu. Siku moja alifunga kibanda chake siku nzima, na wateja wamepanga foleni, kwa sababu jokofu la zahanati lilikuwa limezima.

Mdogo wangu, umetuwekea mwanga. Panda juu wakuone, usijifiche nyuma ya mwalimu.

Kijana wa umeme wa jua

Nashukuru, dada. Mimi nilidhani jokofu ni la soda.

Ni mkunga aliyenionyesha kichupa kidogo cha oksitosini. Akaniambia sindano hii ndiyo inayosaidia kuzuia damu isitoke nyingi mama akishajifungua, na inatakiwa ikae kwenye baridi, nyuzi 2 mpaka 8. Ikipata joto inapoteza nguvu, na kwa kuitazama huwezi kujua. Kuanzia siku hiyo kila nikipita zahanati nasoma kipimajoto cha jokofu kwanza, salamu baadaye.

Wa kwangu ni mwalimu. Betri za zamani zilipokufa, aliwaita wazazi shuleni, akaweka meza chini ya mwembe, akatoa yake mfukoni mbele ya wote, wengine wakafuata. Watu walileta hela, wengine samaki wakavu wakauzwe. Mimi nilifunga tu nyaya. Mwalimu, karibu.

Mwalimu

Mgeni rasmi, ndugu zangu. Mimi ndiye wa mwisho, na mshereheshaji ameshaanza kutazama saa, kwa hiyo nitamshukuru mtu mmoja na kuomba jambo moja.

Ninayemshukuru ameketi safu ya tatu na mtoto amemlalia begani. Simwiti jukwaani, ameniomba nisimwite, na jina lake ni lake. Mama huyu alitokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Sindano alichomwa, mkunga alimkanda tumbo safari nzima ndani ya boti, na alipofika hospitali ya wilaya damu ya kundi lake ilikuwepo, chupa mbili. Hamjui aliyeitoa, wala aliyeitoa hamjui yeye.

Alipopona angeweza kunyamaza. Alikuja kwenye mkutano wa wazazi, akasimama, akasema mbele ya wanaume ambao mila haijamzoesha kusema mbele yao: "Niko hapa kwa damu ya mtu nisiyemjua. Nani kati yenu atatoa?" Nilikuwa mwenyekiti wa mkutano ule. Nilikuwa na umri, nilikuwa na afya, na sikuwahi kutoa hata mara moja. Nilinyoosha mkono. Baada yangu wakanyoosha wavuvi, akanyoosha fundi wa mitumbwi, akanyoosha shemeji yake mwenyewe. Sasa tunavuka kila tukipata zamu, boti nzima.

Mama, ulipata nafuu ukaigeuza kuwa nafuu ya wengine. Sisi wanaume wa kisiwani tunakushukuru, na tunasema tukiwa tumesimama. Wenzangu, simameni.

Na ombi langu ni hili. Nchi yetu imetoka mbali: utafiti wa taifa wa 2015 na 2016 ulikadiria vifo 556 vya akina mama katika kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukakadiria 104. Katika hao wanaoendelea kufa, wapo wanaokufa kwa kutokwa damu tu, nasi tunayo mwilini. Chupa moja ni mililita 450. Ikishatolewa, damu ya kuongezewa mgonjwa huhifadhiwa siku 35 hivi, kisha imepitwa na wakati, ndiyo maana iliyotolewa mwaka jana haimsaidii anayejifungua mwezi huu. Mwanaume anaweza kutoa tena baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne.

Kesho asubuhi kabla ya kurudi kisiwani tunapitia hospitali ya wilaya, tunaanza kutoa saa mbili. Ukiwa na miaka 18 na kuendelea, una kilo 50 na una afya njema, tuungane. Mle chai nzito kabla ya kuja, na mnywe maji mengi. Nahodha amesema boti itasubiri mpaka wa mwisho amalize, maji ya kurudi yatajaa mchana.