Hiyo Ruka

Hamisi alinirudishia flashi saa nne kasoro, usiku wa Jumapili, kwenye geti la hosteli ya wasichana. Akasema asante, Asha, akaondoka na kandambili zake zikipiga lami. Kundi letu, la nne, lilikuwa kwenye ratiba ya Jumatatu, saa mbili asubuhi, alama 20 za kozi. Mpango wangu ulikuwa kuoga, kupitia slaidi mara mbili, na kulala mapema kama mtu aliyelelewa vizuri.

Nikachomeka flashi kwenye laptopu ya Salma, mwenzangu wa chumba. Jina la faili lilikuwa lile lile, MSIMBAZI_FINAL.pptx. Ndani kulikuwa na slaidi tisa. Zetu zilikuwa 24.

Nililifunga nikalifungua tena, kana kwamba zile 15 zilikuwa zimetoka kidogo na zinarudi. Tisa. Nne kati ya hizo tisa zilikuwa za Hamisi, zile zile nne nilizozipunguza Ijumaa zikabaki moja. Hapo ndipo mikono ilipoanza kunitetemeka, na si kwa woga.

Niseme kwanza kwa nini hatukuwa na nakala nyingine, maana najua mtaniuliza. Laptopu yangu ilikufa diski wiki mbili kabla. Kazi yote ya kuunganisha niliifanya Ijumaa kwenye duka la steshenari nje ya chuo, saa tatu kwa shilingi elfu tatu, na mashine za pale hufuta kila kitu mteja akiondoka. Tangu Ijumaa, mradi wetu wote wa mafuriko ya bonde la Msimbazi uliishi kwenye kiflashi chekundu kisicho hata na kifuniko. Nilikuwa nakivaa shingoni. Kilitoka machoni pangu mara moja tu, jioni ile, kwa sababu Hamisi aliniomba "arekebishe picha moja."

Nikampigia.

"Umefanya nini na faili?"

"Nimeweka picha, nikakopi kwenye flashi."

"Ukakopi juu ya lile lililokuwemo?"

Kimya. "Iliniuliza kitu," akasema. "Nikabonyeza ya juu."

*Replace the file in the destination.* Ile ya juu. Ile ambayo sote huibonyeza bila kusoma, kama tunavyokubali masharti ya mkopo wa simu. Hamisi alikuwa na nakala ya Alhamisi kwenye laptopu ya mwenzake wa chumba, Kelvin, nakala ya kabla sijaunganisha. Kaweka vitu vyake humo, kaileta kwenye flashi, kaibandika juu ya kazi ya watu wanne.

"Njoo vimbwetani," nikamwambia. "Na hiyo laptopu."

Juma hakupatikana hewani. Frola alikuwa kwao Tabata. Akapokea, akalia kidogo, akaahidi kutuma chochote alichonacho. Nikakuta Hamisi ameshafika, amekaa kwenye kimbweta cha mwisho chini ya taa, na Kelvin amesimama pembeni akilinda mali yake. Kelvin ndiye fundi wa hosteli yao. Akaangalia sifa za faili, kompyuta ikamjibu *There are no previous versions available*. Akaendesha programu yake ya kufukua vilivyofutwa. Ikafukua nyimbo za mtu aliyekuwa na flashi kabla yangu na picha za harusi nisiyoijua. Akatupa pole, akasema laptopu anaihitaji saa kumi na mbili asubuhi, akaenda kulala.

Hakutuambia kwamba kitufe cha E kimeng'oka. Palikuwa na kiraba tu, unakibonyeza kwa ncha ya kalamu. Na slaidi zetu zilikuwa za Kiingereza, kama chuo kinavyotaka. Ambaye hajawahi kuandika Kiingereza kwa mashine isiyo na E hajui lugha ile inavyoipenda herufi hiyo.

"Ulifanya makusudi?" nilimuuliza kabla hatujaanza. Nilitaka tulimalize.

Hamisi akalipokea swali langu taratibu. "Slaidi zangu nilizirudisha makusudi," akasema. "Zenu nilizifuta kwa bahati mbaya. Ningekuwa mwizi, ningekuachia hata mbili zako nisijulikane."

Sikucheka. Ila nilikaa.

Frola akatuma picha za kurasa za daftari lake la kaunta: maelezo ya chanzo cha mto, michoro ya kalamu, namba za wenyeji tuliowahoji bila majina. Akatuma pia kitu nilichokuwa nimekisahau kabisa, video ya Jumamosi. Siku hiyo tuliingia darasa la mihadhara likiwa tupu, Juma akawasha projekta, tukafanya mazoezi, na Frola akaturekodi kwa simu kutoka kiti cha nyuma. Dakika 18. Slaidi zote 24 zilikuwa ukutani nyuma yetu, ndogo, za buluu, zikitikisika kila Frola alipohema.

Basi tukafanya hivyo. Unaacha video iende, unaisimamisha, unaikuza picha kwa vidole mpaka maneno yawe chenga, unasoma unachoweza, mwenzako anachapa. Slaidi ya kwanza, jina na picha ya Jangwani maji yakiwa yamefunika barabara. Ya pili, ramani. Mlinzi wa zamu, mzee mmoja wa Kisarawe tuliyemwamkia tukiomba atuvutie waya wa umeme kutoka kibandani kwake, alisimama nyuma yetu na tochi akaitazama ile ramani.

"Huo mto mmeuanzisha wapi, wanangu?"

"Ubungo, mzee."

"Mto wenyewe unatoka kwetu, vilima vya Pugu. Hapo Ubungo unapokea wageni tu."

Tuliangalia daftari la Frola. Mzee alikuwa sahihi, na Frola alikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekosea kwenye kuchora. Kosa lile lilikuwa kwenye faili zuri la Ijumaa, lenye rangi na mishale, na lingeenda hivyo hivyo mbele ya mwalimu.

Slaidi ya tisa ilikuwa grafu ya mvua ya Desemba 2011, ile iliyotajwa kuwa kubwa kuliko zote Dar es Salaam tangu 1954. Kwenye video, nguzo ndefu kuliko zote imefunikwa na kichwa cha Hamisi. Tulisubiri asogee. Hakusogea. Dakika mbili nzima alisimama palepale kama mnara.

"Ungekuwa na kichwa kidogo," nikasema.

"Mama pia husema hivyo," akajibu, na tukacheka wote wawili, mara ya kwanza usiku ule. Namba tuliipata kwa Frola saa saba na nusu, aliamka akatusomea.

Kisha tukafika dakika ya 11.

Kwenye slaidi ile kulikuwa na mabaki ya sehemu ya Hamisi, ile moja niliyombakizia. Ilikuwa na maandishi mengi, na ukutani yalionekana kwa sekunde chache tu. Hamisi wa kwenye video anasogea mbele, anasema, "Sisi tulihamishiwa Mabwepande mwanzoni mwa 2012. Mama alikuwa..." Na sauti yangu, kutoka pembeni, kavu, ya haraka: "Hamisi, hiyo ruka. Twende kwenye data."

Slaidi ikabadilika. Sikuwa nimemaliza kusoma hata mstari mmoja.

"Rudisha nyuma," nikasema.

Akarudisha. *Mama alikuwa... Hamisi, hiyo ruka.* Nikapata kichwa cha habari na neno moja la mstari wa kwanza.

"Tena."

*Hamisi, hiyo ruka.*

Tulirudisha mara tano. Ingekuwa hatia kuizima sauti, nadhani, au sote wawili tuliona aibu kuwa wa kwanza kuizima. Mara ya tano nikaacha kuangalia ukuta nikamwangalia yeye, yule wa kwenye video. Alikuwa ameinua mkono kuonyesha kitu kwenye picha. Baada ya sauti yangu mkono unabaki juu kidogo, halafu unakwenda kukuna shingo.

"Mama alikuwa nini?" nikauliza.

Hamisi alikuwa akitafuta E kwa ncha ya kalamu. "Alikuwa anauza mchicha Kariakoo. Kutoka Jangwani anakwenda kwa miguu. Tulipohamishwa tukakaa kwenye hema kwanza, halafu tukapewa kiwanja. Kiwanja kizuri tu, hakijai maji. Ila mchicha ukiufuata kwa daladala mbili kwenda na mbili kurudi, nauli inakula mtaji. Alijaribu miezi saba." Akabonyeza. "Halafu akapanga chumba bondeni tena. Ndiyo ile jedwali niliyoweka. Nauli upande huu, faida upande huu."

Nikalifungua faili lake, lile la slaidi tisa nililokuwa nimelilaani tangu saa nne. Slaidi nne zake zilikuwa palepale. Mama kasimama mbele ya hema. Hema kwa karibu. Jedwali. Na ya nne, mistari mitatu tu, kuhusu majirani waliorudi bondeni na kila mmoja alikuwa akifanya kazi gani mjini.

Hitimisho langu la Ijumaa, slaidi ya 23, lilikuwa swali lililoandikwa kwa herufi kubwa: kwa nini watu wanarudi bondeni wakijua maji yatakuja? Nililipenda sana swali lile. Nilikuwa nimeliacha bila jibu, kwa kuamini kwamba ndivyo wasomi wafanyavyo.

Tulimaliza saa kumi na moja na dakika 12. Zikawa slaidi 26. Grafu ilikuwa mbaya kuliko ya mwanzo, rangi hazilingani, na kwenye slaidi ya 14 kuna neno lililokosa E ambalo niliamua liende hivyo hivyo. Hamisi akamrudishia Kelvin laptopu yake. Mimi nikavaa flashi shingoni.

Saa mbili kasoro dakika tano darasa limejaa. Juma alikuja mbio, shati jipya, simu mkononi ikiwa na asilimia mia, haelewi kwa nini tunanuka dawa ya mbu. Nikampita nikaenda kwenye kompyuta ya mhadhiri, nikachomeka flashi, nikaburuta faili kwenda mbele ya skrini.

Kompyuta ikauliza.

Niliisoma, safari hii. Tayari palikuwa na MSIMBAZI_FINAL.pptx pale mbele, la Jumamosi saa nane mchana.

"Ah, hilo nililiweka mimi siku ya mazoezi," Juma akaninong'oneza. "Flashi ilikuwa inakwamakwama. Nililisahau. Si lile lile?"

Lilikuwa limekaa pale usiku kucha. Slaidi 24, rangi zake, mishale yake, grafu isiyo na kichwa cha mtu. Hamisi alikuwa amefika nyuma yangu, naye aliona. Hakusema kitu. Mkono wake ulikwenda shingoni.

"Kundi la nne," mwalimu akaita kutoka kiti cha mbele. "Tunawasubiri."

"Tuko tayari, mwalimu," nikasema, nikabonyeza ya juu.