Kifungu cha 14 kwa lugha nyepesi: mali ikipotea au ikiharibika, mshahara unakatwaje

Kwa wafanyakazi wote wa godauni la Shimanzi: makarani wa tali, madereva wa foklifti, madereva wa lori na utingo wao, walinzi, na makeshia wa kaunta.

Kifungu hiki ndicho kilichoulizwa zaidi mkataba mpya ulipogawiwa, na haki yenu kuuliza. Kilikuwa kimeandikwa hivi:

"14. Mwajiriwa atawajibika kumfidia Mwajiri dhidi ya hasara, upungufu au uharibifu wowote, wa moja kwa moja au utokanao, utakaozipata bidhaa zilizo chini ya uangalizi wake, na Mwajiri atakuwa na hiari isiyo na masharti ya kukata kiasi hicho kutoka kwa ujira wowote unaostahili kulipwa, ama kuuzuia ujira huo hadi uchunguzi utakapokamilika."

Maana yake ilikuwa kwamba chochote kikipotea, kwa sababu yoyote, unalipa wewe. Kampuni inaamua peke yake ni kiasi gani. Na mshahara unaweza kukaa ofisini mpaka itakapopenda. Kulainisha maneno peke yake kusingetosha, kwa sababu maneno hayo yalivuka Sheria ya Ajira ya 2007, sehemu ya 19, inayotaja makato yanayoruhusiwa na mipaka yake. Kwa hiyo ofisi ya wafanyakazi na wawakilishi wenu tumekaa pamoja, tumebadilisha lugha na masharti yenyewe. Kifungu cha zamani kimefutwa. Hakibaki nyuma ya hiki kama "tafsiri rasmi", maana mgogoro ukitokea kile kigumu ndicho kingetolewa kabatini.

Hiki ndicho kifungu kipya:

14.1 Mali ya kampuni, au mali ya mteja iliyo mikononi mwa kampuni, ikipotea au ikiharibika, utakatwa mshahara pale tu itakapothibitika kwamba ulikusudia: yaani uliamua kufanya, au kuacha kufanya, jambo ulilojua kuwa litaleta hasara hiyo.

14.2 Ikiwa mkataba wako unasema wazi kwamba kazi yako ni kupokea, kutunza na kulipa pesa, utakatwa pesa zilizopungua kwa uzembe wako au kwa kukosa uaminifu. Kama mkataba wako hausemi hivyo, 14.2 haikuhusu, hata kama siku moja uliombwa kushika kaunta.

14.3 Kabla ya kukatwa, utapewa maelezo ya maandishi: kilichopotea, lini, thamani yake na ushahidi uliopo. Utapewa siku 3 za kazi kujibu. Kisha utasikilizwa kwa lugha unayoielewa, ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama uliyemchagua mwenyewe.

14.4 Thamani itahesabiwa kwa bei ambayo kampuni au mteja alinunulia mali hiyo, si bei ya kuuzia.

14.5 Makato yako yote kwa pamoja, ya lazima, ya mikopo na haya, hayatazidi theluthi mbili za mshahara wako. Deni likibaki litasogezwa mwezi unaofuata.

14.6 Kampuni haitauzuia mshahara wako kwa sababu uchunguzi haujaisha. Hata ukiachishwa kazi papo hapo, utalipwa ulichokwisha kufanyia kazi mpaka siku hiyo.

14.7 Kila kato litaonekana kwenye karatasi ya mshahara kwa jina lake na kiasi chake.

Neno zito hapo ni "ulikusudia" katika 14.1, kwa hiyo tuliangalie karibu. Uma wa foklifti ukitoboa magunia mawili ya mchele wakati wa kupanga, mchele ukamwagika, hilo ni tukio la kazi. Linaandikwa, sababu inatafutwa (mara nyingi pileti imevunjika ubao, au magunia yamepangwa yakapita kimo cha mlingoti na dereva haoni mbele), lakini mshahara haukatwi. Dereva akiambiwa breki za mashine zimeharibika, funguo zikachukuliwa, naye akazirudia kwa siri akaiwasha na kuubamiza ukuta wa shehena, hapo kifungu kinamhusu. Mvua za masika zikipenyeza maji chini ya mabati na unga ukalowa, si kosa la karani. Lakini karani aliyeona maji yakiingia, akaamua kunyamaza ili lawama imwangukie mwenzake wa shifti inayofuata, amekusudia.

Uzembe wa kawaida nao hauachwi hivihivi: unaweza kukuletea onyo la maandishi. Ila onyo ni jambo moja na mshahara ni jambo jingine. Mkivichanganya viwili hivi mtajikuta mnakubali makato ambayo hayapo kwenye mkataba.

Upungufu wa magunia ndio unaozua ugomvi mwingi, na karibu kila mara chanzo chake ni tali. Kontena likifika kutoka bandarini, soma namba ya sili kabla haijakatwa na uilinganishe na ile iliyo kwenye hati. Zikitofautiana, usifungue, muite supavaiza na mpige picha. Hesabu gunia kwa gunia, si kwa kukadiria safu. Magunia yaliyochanika yaandikwe kando, na mchele uliofagiliwa upimwe na uandikwe kilo zake. Karatasi ya tali itiwe sahihi na karani pamoja na dereva aliyeleta mzigo, palepale mlangoni. Gunia lililopungua likiwa limeandikwa mlangoni ni la aliyelileta. Likigunduliwa siku tatu baadaye, hakuna anayeweza kuthibitisha lilipotelea wapi, na hapo ndipo vidole huanza kunyooshewana.

Makeshia: hesabu pesa taslimu na ujumbe wa malipo ya simu mwanzo na mwisho wa shifti, mbele ya anayekukabidhi, na wote wawili mtie sahihi. Ukikabidhiwa droo bila kuhesabiwa, kataa kuanza kazi mpaka ihesabiwe. Unayo ruhusa ya kukataa.

Hesabu ya 14.5 inakwenda hivi. Mshahara wako ni shilingi 36,000. Theluthi mbili ni 24,000, kwa hiyo lazima ubaki na 12,000 mkononi. Makato ya lazima na mkopo wa sako tayari yanakula 19,000. Basi kwa mwezi huo kampuni haiwezi kukukata zaidi ya 5,000. Kama deni lililothibitishwa ni 13,000, litalipwa 5,000, 5,000, kisha 3,000, iwapo makato mengine hayakubadilika. Mkopo wa sako ukipanda katikati, kiasi cha kampuni ndicho kinachopungua.

Usitie sahihi karatasi ya makato yenye nafasi tupu ya kiasi au tarehe, hata aliyekuletea akisema ataijaza baadaye. Ukiona kato usilolijua kwenye karatasi ya mshahara, njoo ofisi ya wafanyakazi nayo. Tutakujibu kwa maandishi ndani ya siku 5 za kazi. Usiporidhika, unaweza kupeleka malalamiko kwa afisa wa kazi wa serikali, na huhitaji ruhusa yetu.

Kifungu kitasomwa kwa sauti na maswali yatajibiwa Jumatatu saa moja na nusu asubuhi kwa shifti ya mchana, na siku hiyohiyo saa kumi na mbili jioni kwa shifti ya usiku, kwenye kivuli cha mlango wa pili. Muda huo unahesabiwa kuwa wa kazi. Asiyesoma atasomewa na mtu anayemwamini. Hakuna atakayetia sahihi siku hiyo: kila mmoja ataondoka na nakala, na sahihi zitaanza kupokelewa Alhamisi. Nakala ni mbili, moja yako na moja ya kampuni, zote ziwe na sahihi za pande zote mbili.