Maelezo ya majibu ya kuotesha damu ya mama yako, kitanda namba 14, wodi ya wanawake

Pole kwa kuuguza. Leo Alhamisi asubuhi majibu kamili ya damu ya mama yako yametoka maabara, na nakala unayo mkononi. Tumeyaandika maelezo haya, daktari wa wodi pamoja na mtaalamu wa maabara ya vimelea, ili uyasome kwa utulivu na uwaeleze ndugu wengine jambo lile lile. Kubwa la kushika ni hili: bakteria wameonekana ndani ya damu, tumewatambua, ile sindano ya awali haiwaui, na saa 5 asubuhi ya leo tumeanza dawa inayowaua.

Mama aliletwa Jumatatu usiku akiwa na homa ya nyuzi 39.4, baridi kali ya kutetemeka na maumivu ya kiuno upande wa kulia. Kwa umri wake wa miaka 62 na kisukari alichonacho, tulihisi maambukizi yameanzia kwenye njia ya mkojo, yakapanda hadi figo na kuingia kwenye damu. Saa 3:40 usiku, kabla hajachomwa sindano yoyote ya antibayotiki, tulichukua damu mikono yote miwili, mililita 10 kwa kila chupa. Mpangilio huo una sababu. Damu ikichukuliwa baada ya dawa kuanza, bakteria waliodhoofishwa wanaweza wasiote, majibu yakasoma kuwa hakuna kitu ilhali mgonjwa anazidiwa. Damu ikiwa kidogo, mililita 2 au 3 kwa mtu mzima, bakteria wanaweza kukosekana kwenye sampuli kwa sababu mara nyingi ni wachache mno hata kwa mgonjwa mahututi.

Umeuliza kwa nini majibu yamechukua siku tatu wakati ya malaria yalitoka ndani ya nusu saa. Kipimo hiki kinasubiri kiumbe hai kiongezeke, na hakuna namna ya kukiharakisha. Chupa zile zina mchuzi wa virutubisho, zikakaa kwenye mashine yenye joto la nyuzi 35. Mashine hiyo hupiga kengele ikihisi hewa ya kabonidayoksaidi inayotolewa na bakteria wanaoongezeka. Chupa ya mkono wa kulia iliita Jumanne saa 5 asubuhi, ya kushoto saa 9 alasiri. Chupa isiyoita huachwa siku 5 kabla ya kuandikwa kuwa haina kitu. Siku hiyo hiyo ya Jumanne maabara walipaka tone rangi ya Gram, wakaona bakteria wenye umbo la fimbo waliochukua rangi nyekundu, wakampigia simu daktari wa zamu. Hilo ni jibu la awali. Linataja kundi tu, halisemi dawa gani itafaa. Jumatano asubuhi bakteria walikuwa wameota kwenye sahani, wakatambuliwa kwa jina. Saa 9 alasiri wakajaribiwa na dawa moja moja, na leo saa 3 asubuhi, baada ya saa 18, vipimo vikasomwa.

Sasa chukua karatasi. Mstari wa juu umeandikwa Escherichia coli. Huyu ni bakteria anayeishi kwenye utumbo wa kila mtu bila kuleta shida. Akipanda kwenye mkojo na kuingia kwenye damu ndipo anakuwa hatari. Ameota kwenye chupa zote mbili, mikono miwili tofauti, na mkojo wa mama umeotesha bakteria huyo huyo. Kwa hiyo hatuna shaka kwamba ndiye mwenye ugonjwa.

Chini yake kuna mstari mwingine unaotaja stafilokoka wasio na koagulezi, chupa ya kushoto peke yake. Ndugu wengi wakiuona mstari huu hudhani mgonjwa ana vimelea wawili na daktari amesahau kutibu mmoja. Hatukusahau. Stafilokoka hawa wanaishi juu ya ngozi, na hata ngozi ikisafishwa vizuri kwa spiriti na klorheksidini wachache hubaki ndani ya vitundu vya vinyweleo, sindano ikawabeba. Wangeota mikono yote miwili, au mama angekuwa na vali ya bandia ya moyo au mpira uliokaa muda mrefu kwenye mshipa mkubwa, tungewatazama kwa jicho jingine. Kwa mama hakuna hata kimoja kati ya hayo. Ndiyo maana maabara hawakuwapima dawa, na ndiyo maana hatumwongezei sindano ya vankomaisini ambayo ingeumiza figo bure. Hii pia ndiyo faida ya kuchoma mikono miwili, ingawa mama alilalamika na tunamwelewa.

Sehemu ya chini ya karatasi ni orodha ya dawa. Kila dawa ina namba ya milimita na herufi:

Ampisilini: 6, R
Amoksisilini-klavulanati: 15, I
Seftriaksoni: 10, R
Siprofloksasini: 14, R
Kotrimoksazoli: 6, R
Jentamisini: 12, R
Amikasini: 21, S
Piperasilini-tazobaktamu: 26, S
Meropenemu: 29, S

Bakteria walitandazwa sahani nzima, juu yake vikawekwa viduara vya karatasi vyenye dawa. Pale dawa inapofanya kazi, bakteria hawaoti, unabaki mduara mtupu kuzunguka karatasi. Milimita ni upana wa mduara huo. Karatasi yenyewe ina upana wa milimita 6, kwa hiyo ampisilini na kotrimoksazoli zilizoandikwa 6 hazikuzuia chochote, bakteria wameota hadi ukingoni.

S maana yake dozi ya kawaida inatarajiwa kuwashinda bakteria hawa. R maana yake ni sugu, dawa haitawashinda hata ikitolewa kwa wakati. I ni katikati, dawa inaweza kusaidia ikitolewa kwa dozi kubwa au ikiwa inajikusanya sana mahali penye ugonjwa. Kwa maambukizi ya damu hatuitegemei.

Tafadhali usilinganishe milimita za dawa moja na nyingine. Kila dawa ina kipimo chake cha kupita: amikasini inahesabiwa S kuanzia milimita 20, meropenemu kuanzia 23, siprofloksasini kuanzia 26. Kwa hiyo 21 ya amikasini ni nzuri, lakini siprofloksasini ingepata 21 ingehesabiwa sugu. Soma herufi, namba tuachie sisi.

Utaona pia herufi ESBL zikiwa na alama ya kujumlisha. Bakteria hawa wanatengeneza kimeng'enya kinachovunja dawa za jamii ya penisilini na sefalosporini, seftriaksoni ikiwemo. Maabara wamethibitisha kwa kuweka sefalosporini peke yake na pembeni yake ile ile ikiwa na klavulanati, ambayo huzuia kimeng'enya hicho. Mduara ulipanuka kwa zaidi ya milimita 5. Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako kwa nini homa haikushuka Jumanne na Jumatano wakati mama alikuwa anachomwa sindano kila siku. Seftriaksoni gramu 2 tuliyoanza nayo ndiyo dawa inayofaa wagonjwa wengi wenye hali kama yake, na mgonjwa wa namna hii hawezi kusubiri siku tatu bila dawa. Kwa bakteria hawa haikufaa, na kabla ya leo hapakuwa na njia ya kulijua hilo hapa hospitalini.

Dawa tatu zina S, tumechagua moja, meropenemu. Amikasini inaweza kuumiza figo na masikio, na figo za mama tayari zimelemewa: kreatinini yake, kipimo cha kazi ya figo, jana ilikuwa maikromoli 168 kwa lita. Piperasilini-tazobaktamu inaonekana nzuri kwenye sahani, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wenye wagonjwa kutoka nchi 9 waliokuwa na bakteria sugu kwa seftriaksoni kwenye damu, ulionyesha kuwa ndani ya siku 30 walifariki asilimia 12.3 ya waliopewa dawa hiyo, dhidi ya asilimia 3.7 ya waliopewa meropenemu. Kwa sababu hiyo hatutakubali kubadilisha kwa kigezo cha bei, na tunaomba mtuelewe. Vidonge vilivyopimwa vimeshindwa, hivyo kwa sasa hakuna cha kumeza badala ya sindano.

Meropenemu anapewa gramu 1 kila saa 12, saa 5 asubuhi na saa 5 usiku. Ukisikia mgonjwa mwingine anapewa kila saa 8, tofauti ni figo. Zikiimarika tutaongeza. Siku 7 tunazihesabu kuanzia leo, siyo kuanzia Jumatatu, kwa kuwa siku zilizotangulia dawa haikuwa inawaua. Jumla ni dozi 14, ya mwisho Jumatano ijayo saa 5 usiku. Duka la dawa la hospitali lina vichupa 8 leo. Mkilazimika kununua 6 vilivyobaki nje, hakikisheni kila kimoja kimeandikwa gramu 1, kifuniko hakijaguswa, tarehe haijapita na unga haujagandamana. Mkabidhi muuguzi pamoja na risiti.

Homa haitakatika leo. Tunatarajia ianze kushuka ndani ya saa 48 hadi 72. Ikiwa Jumapili asubuhi bado iko juu, tutarudia altrasaundi kutafuta usaha kwenye figo au kizuizi cha mkojo, maana dawa peke yake haimalizi usaha. Picha ya Jumanne haikuonyesha kizuizi. Mwite muuguzi mara moja, usiku au mchana, ukiona mama anachanganyikiwa, anapumua kwa haraka, hakojoi kwa saa 6, anatokwa vipele, anapata degedege au anaharisha mfululizo. Kama nyumbani anatumia dawa ya kifafa iitwayo valproeti, tuambie leo hii, kwa sababu meropenemu huishusha sana kwenye damu. Na vile vidonge alivyomeza nyumbani kabla ya kuja, leta hata pakiti tupu. Hatuulizi ili kumlaumu mtu.

Bakteria hawa hawaruki hewani. Wanapita kwenye mikono, kinyesi na mkojo. Nawa kwa sabuni kabla na baada ya kumhudumia, usikae kitandani kwake, mfuko wa mpira wa mkojo uwe chini ya usawa wa kiuno chake bila kugusa sakafu, na usitoke kwake kwenda kumsaidia mgonjwa wa jirani bila kunawa. Ninyi wenyewe hamhitaji dawa wala kipimo.

Nakala ya majibu ihifadhiwe pamoja na kadi yake ya kliniki ya kisukari. Akiugua tena mkojo popote ndani ya mwaka huu, ionyesheni kabla daktari hajaandika dawa. Daktari wa wodi anapita kila siku saa 3 asubuhi. Mtaalamu wa maabara yupo tayari kukuonyesha hesabu hizi dirisha namba 2, saa 8 hadi saa 10 alasiri.