Bibi Zuhura na bao la babu yake

Mimi nimeona watu wakifungwa bao kwa aina zote, lakini kazi niliyoiona jana barazani kwetu Langoni, hapa Lamu, sijawahi, yani mtu anatoka jasho kutafuta kufungwa, na tena watu wasijue.

Mzee Shee alikuwa ameketi na mjukuu wake Zuhura, kitoto cha miaka minane hivi, katikati yao lile bao lake la mvule limeng'ara kwa mikono ya watu. Magharibi washaswali, kahawa inapita. Nyumbani walimtafuta huyu mtoto akale, babu akamjibu yule aliyetumwa, "waambie yuasoma." Mselem akaguna, ati bao na mtoto wa kike, Mzee Shee hata hakugeuka.

Hakumuanzisha kwa namua, hilo lina kete za mkononi na nyumba na sheria zake ambazo hata watu wazima wanagombana. Akapanga bao la kujifunza, kete mbili mbili kila shimo, mashimo 32, komwe zote 64 ziko chini. "Ndoo hapa karibu. Ukila, zile ulizokula zaanzia kichwani, hapa ama hapa. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu umelala, wanipa mimi." Mtoto akawa anahesabu kwa kidole, shimo kwa shimo, babu akamshika kidole polepole, "hesabu kwa mato mama, kidole chamwambia adui wataka nini." Basi ikawa anahesabu kwa mato lakini midomo inatembea, tano, sita, saba, sote tunasikia.

Michezo ya kwanza alimfunga bila huruma, na nadhani hapo alifanya vizuri, maana mtoto akipewa tu tangu mwanzo anajua. Zuhura uso ukaanza kukunjika, akawa anatupa kete badala ya kuzisambaza, babu akamwambia zitembee moja moja hazina haraka. Halafu nikaona mzee amebadilika. Alikuwa anacheza kwa mkono mmoja huku anaongea na muuza kahawa, sasa kikombe kakiweka chini, kainama kabisa. Nikasema leo huyu mtoto anaonewa, kumbe!

Unajua bao ukiwa na kula lazima ule, huwezi kujifanya hujaona, na pale tumekaa wazee wanne ambao kosa la mtu mwingine ndio dawa yao ya usingizi, angeacha kula tu tungepiga kelele hadi Mkomani wasikie. Kwa hivo ikabidi ale, ila ale vibaya. Kulikuwa na kula mbili. Moja upande wa kulia, shimo la Zuhura limejaa kete tisa, ungekula hilo mchezo ukaisha, ya pili kushoto, vikete viwili tu. Akatazama kitambo, akajikuna kidevu, akasema "aaah huyu mtoto kanibana," akala vile viwili, vikalala. Mbele kwake pakabaki mashimo matatu tu yenye kete na yote yanatazamana na ya mtoto.

Mselem akafungua mdomo. "Shee, kwani hukuiona hii hap..." Nikamkanyaga mguu, wallahi nilimkanyaga sana.

Zuhura hakusikia, midomo ilishaanza kutembea. Akachukua kete za nyuma, akasambaza, ya mwisho ikaangukia penye kete, akala. Akaanzia kichwani, ikaangukia tena penye kete, akala. Hapo akasita akamtazama babu yake kama anaomba ruhusa, babu anakuna goti anatazama punda aliyekuwa akipita na mchanga, akaendelea, ya tatu ikala tena. Mstari wa mbele wa mzee mweupe, hamna hata moja.

"Babu! Huna kitu!"

"Ngoja nitazame," akapapasa mashimo moja moja. "Subhanallah. Nimekwisha."

Mtoto alisimama juu ya baraza akamtangazia muuza kahawa, akamtangazia mwenye punda, kisha akageuka, mikono kiunoni, akamuelekea Mselem. "Haya, na wewe!"

Bahati adhana ya Isha ikaanza. Wazee wakainuka wanatafuta viatu, Zuhura anapanga kete mbili mbili, "ukitoka msikitini nakungoja hapa hapa, usikimbie."

Njiani Mselem akamsogelea Mzee Shee, sauti chini, "sasa na mimi nikafanyeje, nijiwachilie nifungwe?"

"Wewe teza kikweli tu," mzee akamwambia, "atakufunga vile vile."